Mohamed, Mohamedi, Mohammed au Muhammad: uandike lipi kwenye fomu?

Bibi mmoja wa Makorora alifika kwenye steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, asubuhi, printa haijapata hata moto, akaweka bahasha ya kaki juu ya kaunta. Mjukuu wake kamaliza shule, anataka kuomba mkopo wa chuo, na mtunza makaratasi wa nyumba ile ni yeye. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia: "Mwanangu, nisomee humu jina la huyu mtoto. Kila nikienda mahali naambiwa silo."

Niliyatoa moja moja nikayapanga. Kadi ya kliniki, imeandikwa kwa kalamu ya bluu iliyofifia: Muhamadi. Cheti cha kuzaliwa: Mohamedi. Cheti cha kidato cha nne: Mohamed. Cheti cha kuhitimu madrasa, chenye maua pembeni: Muhammad. Barua ya utambulisho ya mtaa, aliyoichukua wiki ile ile: Mohammed, m mbili. Makaratasi matano, spelingi tano, mtoto mmoja.

Bibi alikuwa ameshaanza kuamini kwamba kuna mtu alimfanyia uzembe. Nilimwambia hapana, kila aliyeandika alikuwa na sababu yake, na sababu zenyewe zinaeleweka. Nataka nizieleze hapa, kwa sababu ukijua spelingi ilikotoka, unajua pia ipi uishike na ipi uiache bila kuona kwamba umemvunjia mtu heshima.

Kwa Kiarabu jina hili lina herufi nne tu: mimu, ha, mimu, dali. Irabu fupi haziandikwi, huonekana kwa alama za juu na chini pale mwandishi anapotaka kuziweka. Mimu ya pili ina shada, yaani hutamkwa kwa kukaziwa. Ukitia irabu zake zote kwa usomaji wa Kurani unapata u, a, a. Basi hapo Kilatini kinapoingia, mwandishi ana mambo ya kuamua ambayo Kiarabu hakikumlazimisha: irabu ya kwanza ni u au o, ya mwisho ni a au e, m ya katikati ni moja au mbili, na mwisho wa jina pawe na irabu au pabaki wazi. Tanzania hakuna kanuni inayomwambia karani achague nini. Karani husikiliza, huandika, na mkono wake hufuata alichozoea kukiona.

Muhammad ni chaguo la watu wa chuo cha Kurani. Walimu wa madrasa na watu waliosoma vitabu vya dini vilivyotafsiriwa kwa uangalifu wataiandika hivyo, na wana haki: u iko mahali pake, a iko mahali pake, shada imeonyeshwa kwa m mbili. Ustadhi mmoja aliwahi kuniambia kwamba anayeandika Mohamedi anapunguza jina la Mtume. Namheshimu sana, lakini katika hili sikukubaliana naye. Ha ya jina hili ni ile inayotoka kooni, tofauti na ha ya kawaida, na Kilatini hakina herufi yake. Wanazuoni huitilia nukta chini yake, na hakuna fomu ya serikali inayopokea nukta hiyo. Kwa hiyo hata Muhammad imeacha kitu nyuma. Jina kamili limo kwenye herufi za Kiarabu. Haya mengine yote ni namna za kulielekeza jicho la msomaji kwenye jina lile lile.

Mohamedi, kwa upande wake, ni jina la Mswahili wa bara na mwambao wa huku. Lugha yetu haipendi neno liishie kwenye konsonanti, basi neno la Kiarabu likifika hupewa irabu ya kumalizia: baada ya herufi za midomo kama b, m na f huja u, na baada ya nyingi nyingine huja i. Ndiyo maana tuna Rajabu, Salimu, Yusufu na Zainabu, kisha tuna Saidi, Rashidi, Hamisi na Mohamedi. Aliyeandika cheti cha kuzaliwa cha mjukuu alisikia baba akitamka "Mohamedi" akaandika alichosikia. Ukivuka bahari kwenda Pemba na Unguja unakuta Said, Rashid, Khamis, yaani irabu ya mwisho haiandikwi hata pale ambapo ulimi unaigusa kidogo. Na Tanga tuna Wapemba tele. Katika barabara moja ya Ngamiani nyumba hii ina Mohamed na ya pili ina Mohamedi, na wote wawili wakiitwa kwa sauti dirishani wanaitika.

Jambo hili si la Mohamed peke yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 pale Vibambani, karibu na Machui, jina lake limechapwa miaka yote kwa a mbili katikati na bila i mwishoni, wakati huku mtaani jina hilo hilo tunaliandika Shabani. Ile a ya pili inashika nafasi ya herufi ya aini, ambayo nayo Kilatini hakina.

Mohammed yenye m mbili na e mbele ya d ni ya mchanganyiko: imetunza shada lakini ikakubali o na e. Ni spelingi ambayo magazeti ya Kiingereza yaliitumia sana, na ukivuka Horohoro kuingia Kenya utaikuta mara nyingi. Ubaya wake mkubwa kwetu ni kwamba ile m ya pili haisikiki. Mwarabu huikazia, Mswahili haikazii. Ukimtajia karani jina kwa mdomo, ataandika m moja, na hana kosa, kwa sababu hukuitamka. Mwenye Mohammed ataishi maisha yake yote akisema "m mbili tafadhali", na siku atakayosahau kusema ndiyo siku ya karatasi muhimu.

Mohamed ndiyo iliyozoeleka zaidi katika makaratasi ya nchi hii. Ndiyo iliyo katika jina la Ali Mohamed Shein, rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, na la Mohamed Gharib Bilal aliyekuwa makamu wa rais. Wamisri wengi huiandika hivyo hivyo. Haina shada, haina irabu ya Kiswahili mwishoni, na irabu zake si zile za Kurani. Kwa hiyo haimfurahishi ustadhi wala haifuati ulimi wa bibi yetu. Lakini ina sifa moja ambayo niliipata kwa kuhesabu, na nitakuonyesha.

Chukua spelingi zile tano za kwenye bahasha. Kwa kila moja, hesabu herufi ngapi unahitaji kubadili, kuongeza au kuondoa ili ufike kwenye kila moja ya zile nne nyingine, kisha jumlisha. Kutoka Mohamed kwenda Mohamedi ni herufi moja, kwenda Mohammed ni moja, kwenda Muhamadi ni tatu, kwenda Muhammad ni tatu. Jumla nane. Nilifanya hivyo kwa zote:

| Spelingi | Jumla ya herufi hadi nyingine nne |
|---|---|
| Mohamed | 8 |
| Mohamedi | 9 |
| Mohammed | 9 |
| Muhamadi | 11 |
| Muhammad | 11 |

Tofauti yaonekana ndogo, lakini angalia pembezoni: kutoka Mohamedi hadi Muhammad ni herufi nne katika jina la herufi nane. Ofisa anayelinganisha karatasi mbili kwa macho huvumilia herufi moja, akaguna kidogo, akaendelea. Herufi nne zinamfanya aweke kalamu chini akuulize kama huyu ni mtu yule yule. Na mfumo wa kompyuta unaolinganisha herufi kwa herufi hauvumilii hata moja. Mohamed imesimama katikati ya zote, na makosa ya makarani yakitokea, hutua jirani yake.

Kuna ya sita ambayo haikuwa kwenye bahasha ya bibi lakini naiona kila wiki: Moh'd. Huu ni ufupisho, na uliandikwa zamani kwa sababu nafasi kwenye rejista ilikuwa ndogo na jina ni refu. Tatizo ni kwamba kuna watu ambao ufupisho huo umegeuka kuwa jina lao rasmi. Fomu nyingi za mtandaoni huikataa ile alama ya juu, nyingine huimeza kimyakimya. Kwenye pasipoti, mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine hukubali herufi A hadi Z, tarakimu na alama ya kujazia tu, na kila mstari una nafasi 44. Tuseme mtu ana jina lake, la baba yake Saidi, na la babu. Mstari wa juu, ambao hutanguliza jina la babu, utakuwa hivi kwa spelingi ndefu, na hivi kwa ufupisho:

```
P<TZAMOHAMEDI<<MOHAMED<SAIDI<<<<<<<<<<<<<<<<
P<TZAMOHD<<MOHD<SAIDI<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Wa pili umebaki na MOHD, neno ambalo halimo kwenye cheti chake chochote cha shule. Na kama unavyoona, nafasi za kuandika jina zima zipo tele, hakuna haja ya kulikata. Kama una Moh'd mahali popote panapoweza kurekebishwa, anza na hiyo kabla ya kitu kingine.

Tazama tena ule mstari wa kwanza: jina limo mara mbili, MOHAMEDI na MOHAMED. Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu ni desturi yetu wenyewe inayotuingiza. Jina la Mtanzania lina sehemu tatu: lake, la baba, la babu. Na mtoto wa kiume wa kwanza mara nyingi hupewa jina la babu yake mzaa baba. Matokeo yake jina lile lile hukaa mwanzo na mwisho wa mstari mmoja. Mjukuu wa bibi ndivyo alivyo. Wakati wa kumwandikisha, jina la kwanza huandikwa kama mama anavyolipenda na la tatu hunakiliwa kutoka kitambulisho cha baba, na mstari unatoka na spelingi mbili za jina moja. Karani wa ofisi inayofuata akiuona hudhani ni kosa, "anausahihisha" kwa nia njema, na hapo umezaliwa mstari wa tatu.

Kwa hiyo kwa mtoto mchanga ushauri wangu una matawi mawili. Ikiwa jina la babu si lile lile, mwandikishe Mohamed. Ikiwa mtoto anaitwa jina la babu, fungua kwanza kitambulisho cha taifa cha baba, usome babu kaandikwaje, na mtoto afuate hiyo hiyo mwanzo na mwisho, hata kama ni Mohamedi na wewe ulipenda Muhammad. Spelingi nzuri iliyosimama peke yake kwenye mstari haina faida kama mwisho wa mstari unaikana. Nenda na karatasi yenye jina limeandikwa kwa herufi kubwa, umpe anayejaza tangazo la kizazi pale hospitali anakili, usimtajie kwa mdomo. Tangazo hilo ndilo litakalotumika kupatia cheti cha kuzaliwa cha RITA, na kosa lake linasafiri nalo.

Muhammad ningeishauri mahali pamoja tu: nyumba ambayo baba na babu tayari wameandikwa hivyo kwenye vitambulisho vyao. Huko ndiyo sahihi kwao, na kuibadilisha kwenda Mohamed kwa sababu nimeisifu hapa ni kujitafutia shida.

Kuna hoja moja dhidi ya Mohamedi ambayo wanaosafiri wanapaswa kuijua. Familia nyingi za Tanga zina ndugu Omani, na wazee wanakwenda hija. Huko jina hurudishwa kwenye herufi za Kiarabu kutoka kwenye pasipoti. Mohamed, Mohammed na Muhammad zote hurudi kwenye herufi zile nne bila mjadala. Mohamedi ina i mwishoni, na anayeigeuza bila kujua Kiswahili anaweza kuiona kama ye, akaandika Muhammadiyu, yaani "wa Muhammad", ambalo ni jina la nasaba, si jina la mtu. Saidi na Rashidi vilevile. Ukipewa karatasi yenye jina kwa Kiarabu, mpe mtu anayesoma aangalie herufi ya mwisho hapo hapo, kabla hujaondoka dirishani. Si sababu ya kuikimbia Mohamedi kama ndiyo iliyoko kwenye makaratasi yako yote, ila ni sababu ya kuwa macho.

Turudi kwa mjukuu, kwa sababu yeye si mchanga, ana miaka 18 na makaratasi yameshatoka. Kwa mtu mzima swali si spelingi ipi ni bora. Swali ni karatasi ipi haibadiliki. Nilizipanga tena kwenye kaunta, safari hii kwa ugumu wa kurekebisha.

Kadi ya kliniki na barua ya mtaa niliziweka kando. Kadi imeshamaliza kazi yake, na barua inaandikwa upya kwa siku moja. Cheti cha madrasa nacho hakiombwi kwenye maombi ya mkopo. Vikabaki viwili vinavyogombana: cheti cha kuzaliwa chenye MOHAMEDI SAIDI MOHAMEDI na cheti cha kidato cha nne chenye MOHAMED SAIDI MOHAMED. (Saidi nimeliweka mimi hapa, la baba yake halisi silitaji.) Tofauti ni herufi mbili, moja mwanzo, moja mwisho.

Cheti cha mtihani hubeba jina ambalo mtahiniwa alisajiliwa nalo. Shule ilimwandika Mohamed tangu darasa la kwanza, mtihani akaufanya kwa jina hilo, na hilo ndilo litakaloulizwa chuoni na kazini kwa miaka 40 ijayo. Kulibadili baada ya cheti kuchapwa ni vita ambayo simshauri mtu aianze. Cheti cha kuzaliwa, kwa upande mwingine, ni nakala ya ingizo kwenye rejista, na sheria ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 108, inaruhusu makosa ya ingizo kusahihishwa: unapeleka maombi, cheti chenyewe na vielelezo, ingizo linarekebishwa na unatolewa cheti kipya. Upande ulio laini ni wa RITA, upande mgumu ni wa mtihani. Kwa hiyo mjukuu ni Mohamed.

Bibi hakupenda mara moja. "Babu yake alikuwa Mohamedi, na mimi nimemwita Mohamedi miaka 50," alisema, na mkono wake ulikuwa juu ya kile cheti cha kuzaliwa kama mtu anayezuia kisipeperuke. Nilimweleza kwamba jina la mumewe halijaguswa. Kwenye kitambulisho cha baba mtu babu anabaki Mohamedi, na kwenye safu ya baba ndani ya cheti cha mtoto pia panabaki hivyo. Kinachobadilika ni mstari wa mtoto tu. Na nyumbani aendelee kumwita anavyomwita. Alinyamaza, kisha akaniuliza kitu cha maana sana: "Na kitambulisho cha taifa je? Hajachukua."

Hiyo ilikuwa bahati yake kubwa, na ndiyo sababu ya kuandika haya kwa watu wenye vijana wa umri huo. Kijana ambaye hajajisajili NIDA bado ana nafasi moja ya kuamua. Akishasajiliwa, jina lile ndilo litakaloonekana kwenye laini ya simu, kwa sababu tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, na ndilo litakalomtokea anayemtumia pesa. Benki pia hulichukua kutoka huko. Namba yenyewe ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Basi kabla ya kwenda hakikisha na tarehe zinalingana kwenye vyeti vyote viwili, maana herufi moja ya jina unaweza kuieleza kwa kiapo, lakini tarehe ikikosewa imo ndani ya namba yenyewe.

Tukapanga utaratibu, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza asahihishe cheti cha kuzaliwa RITA, akitumia cheti cha shule kama kielelezo. Kisha ajisajili NIDA akiwa na cheti kipya, vyeti vyote vikisema Mohamed. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na namba ya mtihani wa kidato cha nne, na hapo majina ya pande mbili yakikutana yatakuwa mamoja. Wengi hufanya kinyume: hukimbilia NIDA kwanza kwa sababu foleni ni fupi siku hiyo, wakitumia cheti cha kuzaliwa chenye kosa, na sasa wana karatasi mbili za kurekebisha badala ya moja.

Kwa siku za katikati, wakati cheti kipya bado hakijatoka, hutumika hati ya kiapo. Baba mtu alikuwa tayari amewahi kumwandikishia mtoto kiapo kwa wakili, amekilipia, na kikakataliwa mahali. Nilikisoma nikaona kwa nini. Kilitaja Mohamedi na Mohamed tu, wakati karatasi iliyokuwa inapelekwa ilikuwa ile barua ya mtaa yenye Mohammed. Kiapo kinaunganisha spelingi zilizotajwa ndani yake, si zile ambazo msomaji anapaswa kuzikisia. Kila spelingi iliyo kwenye karatasi utakayoitumia iandikwe, na mbele yake iandikwe karatasi gani na namba yake. Maneno yake huwa ya namna hii: "Kwamba jina langu limeandikwa Mohamedi katika cheti cha kuzaliwa namba fulani, Mohamed katika cheti cha kidato cha nne namba fulani, na Mohammed katika barua ya mtaa ya tarehe fulani, na kwamba majina hayo yote ni yangu mimi mmoja." Kisha mstari unaosema ni lipi atakalolitumia kuanzia hapo. Mstari huo wa mwisho wengi huusahau, na bila huo kiapo kimeeleza yaliyopita bila kusema yajayo.

Mpaka wa kiapo ujulikane pia. Hakibadilishi rejista yoyote, kinaeleza tu. Anayetaka kuacha jina moja achukue jingine, tuseme kutoka Juma kwenda Mohamed, huyo anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kwa herufi moja ya jina lile lile, nenda kwanza kaulize ofisi inayopokea karatasi inataka nini, ndipo ulipe wakili. Nimewaona watu waliolipia hati ya kubadili jina kwa ajili ya i ya mwisho, na wakabaki na karatasi inayosema kwamba walikuwa mtu mwingine kabla, jambo ambalo si kweli.

Hapa niseme kidogo kuhusu Khadija na Hadija, kwa sababu akina mama huniuliza. Hesabu ya herufi inasema tofauti ni moja tu, lakini tofauti hiyo iko mwanzo wa jina, na mwanzo ndio unaopanga orodha. Mmoja anatafutwa kwenye H na mwingine kwenye K, na karani mwenye haraka akifungua H asipoliona atakwambia jina lako halimo. Kwa jina hilo, kosa la herufi moja ni zito kuliko kosa la herufi tatu katikati ya Mohamed. Ukimwandikisha binti, amua kh au h kabla ya kutoka nyumbani, na kila ukienda mahali sema herufi ya kwanza kabla ya kusema jina.

Bibi aliondoka na kopi mbili za kila karatasi na bahasha yake ya kaki. Juu yake niliandika kwa kalamu nene MOHAMED SAIDI MOHAMED, na chini yake nikaweka idadi ya herufi, 7, 5, 7, ili mjukuu azihesabu kwenye skrini ya NIDA kabla hajaweka kidole.